Machale au Hesabu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fikra za Haraka na Fikra za Taratibu

Fikra za haraka na fikra za taratibu ni nini hasa?

Jaribu swali hili. Daftari na kalamu kwa pamoja vinauzwa shilingi 1,100. Bei ya daftari inaizidi bei ya kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi?

Watu wengi hujiwa na jibu la 100 kabla hata hawajamaliza kusoma. Jibu hilo hawakulitafuta, limekuja lenyewe, na limekuja likiwa na sura ya ukweli. Sasa lihakiki: kalamu ikiwa 100, daftari linatakiwa liwe 1,100, na vyote viwili vitafika 1,200. Jibu sahihi ni shilingi 50. Kile kilicholeta 100 ndicho tunachokiita fikra za haraka, na ile kazi ya kurudi nyuma na kujumlisha ndiyo fikra za taratibu.

Mtafiti Shane Frederick alichapisha mwaka 2005 maswali matatu ya namna hii baada ya kuwauliza watu 3,428 nchini Marekani, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu. Thuluthi moja hawakupata hata moja. Hata katika chuo cha MIT, wanaposoma mabingwa wa hesabu, waliopata yote matatu hawakufika nusu. Kujumlisha 1,050 na 50 hakumshindi mtu yeyote wa pale. Waliokosa hawakushindwa hesabu, ila hawakuona sababu ya kuipiga, kwa kuwa jibu lilishapatikana.

Kumbuka jambo hilo, kwa sababu ndiyo shida yenyewe. Fikra za haraka hazikuambii kwamba zinabahatisha. Jibu la kweli na jibu la uongo huja na uhakika uleule.

Kwa hiyo ubongo una sehemu mbili?

Hapana. Wanasaikolojia Keith Stanovich na Richard West walipozipa aina hizi mbili majina mwaka 2000, na mwenzao Daniel Kahneman alipoyaeneza duniani baadaye, ilikuwa ni njia ya kurahisisha maelezo. Hakuna daktari wa upasuaji atakayefungua kichwa akakuonyesha ipi ni ipi. Kazi nyingi huchanganya zote mbili, na kitu ulichokifanya taratibu kwa miaka kinaweza kuhamia kwenye haraka. Dereva mzoefu habadilishi gia kwa kutafakari, ingawa alipokuwa anajifunza kila gia ilikuwa mtihani.

Je, niyaamini machale yangu?

Inategemea machale hayo yalisomea wapi.

Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Gary Klein alikaa na makamanda wa zimamoto wa Marekani kujua wanavyoamua mambo moto ukiwa unawaka. Alitarajia kukuta wanalinganisha njia mbili tatu na kuchagua iliyo bora. Wao wakamwambia hawalinganishi chochote. Wanaona hali, wanajua la kufanya, wanalifanya.

Mmoja alimsimulia siku alipoingia na watu wake kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua upande wa jikoni. Wakamwaga maji, moto haukurudi nyuma kama alivyozoea. Akahisi kuna jambo, akawaamuru wote watoke. Wametoka tu, sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaporomoka. Moto wenyewe ulikuwa chini ya miguu yao, katika chumba cha chini ambacho hawakujua kama kipo. Kamanda yule aliamini kwamba ana kipaji cha kuhisi mambo yaliyofichika. Klein alipozidi kumdodosa, yakatokea maelezo ya kawaida kabisa: sebule ilikuwa na joto kali kuliko moto wa jikoni ungeweza kuleta, na moto ulikuwa kimya mno kwa joto lile, maana sakafu ilikuwa imeziba sauti yake. Kichwa chake kilishaona mioto mingi na kilijua kwamba huu haufanani na ile. Kilichokuwa hakijamfikia ni maneno ya kueleza kwa nini.

Kahneman, aliyetumia maisha yake kuonyesha namna hisia zinavyodanganya, na Klein, aliyetumia yake kuonyesha namna zinavyookoa, walikaa pamoja kwa miaka kadhaa wakibishana kwa heshima. Mwaka 2009 wakachapisha makala ya pamoja, na walichokubaliana ni masharti mawili. La kwanza, mazingira yawe na utaratibu, yaani dalili fulani iendane kweli na matokeo fulani. La pili, mtu awe amepata muda wa kutosha kujifunza utaratibu huo kwa kupewa majibu ya wazi na ya haraka: umefanya hivi, ikatokea vile. Sharti moja likikosekana, uzoefu wa miaka 30 unaweza kukuongezea kujiamini bila kukuongezea usahihi.

Mimi hupenda kuyatumia masharti haya kwa watu wa karibu. Nahodha wa dau anayesoma wingu na upepo anapata jibu lake siku hiyohiyo, mara maelfu. Mkunga anayesema “huyu mama hayuko sawa” kabla mashine haijaonyesha kitu anastahili kusikilizwa mara moja. Lakini meneja anayejisifu kwamba humjua mfanyakazi mzuri kwa dakika tano za usaili hana shule hiyo. Aliowakataa hawaoni tena, hivyo hajui ni wangapi wangekuwa bora kuliko aliowachukua.

Mbona mimi kwenye mkeka napata majibu haraka, na bado naliwa?

Kwa sababu sharti la pili limetimia na la kwanza halijatimia. Matokeo ya mechi unayapata usiku uleule, lakini mpira wenyewe umejaa bahati: penalti, kadi nyekundu, kipa kuteleza. Kile kidogo kinachotabirika kampuni imeshakiweka kwenye odi zake, na juu yake imeongeza faida yake. Mkeka wa mechi kumi unakuwa mgumu zaidi kwa sababu bahati hizo zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe. Tuseme kila mechi una nafasi 7 kati ya 10 ya kupatia, jambo ambalo ni zuri sana. Mechi kumi zote kutiki ni chini ya mara 3 katika mikeka 100. Machale yako hayazidishi. Yanaona mechi kumi ambazo kila moja “iko wazi”, yanajumlisha uwazi.

Watu wenye akili zao wanatapeliwaje na ujumbe wa simu?

Ujumbe unaojulikana zaidi Tanzania unasema kitu kama hiki: “Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la wakala.” Hauna salamu, hautaji kiasi, hausemi ni nani. Ukiusoma ukiwa umetulia unaonekana wa kipuuzi. Lakini matapeli hawautumi kwa mtu mmoja. Wanautuma kwa watu wengi sana, na miongoni mwao daima yupo ambaye asubuhi ile kweli anadaiwa kodi, au amemwahidi fundi malipo, au mdogo wake yuko shule anasubiri ada. Kwa mtu huyo ujumbe unaingia kwenye nafasi iliyokwisha kuandaliwa. Fikra za haraka zina kazi ya kujaza mapengo, na hapa zinajaza kila kitu: mwenye nyumba, kiasi, sababu ya namba kubadilika. Hata ile onyo ambayo ingemshtua, kwamba jina litakalotokea si la mwenye nyumba, imeshapewa maelezo mapema.

Ule mwingine, wa “nimetuma kimakosa, naomba unirudishie”, unafanya kazi kwa njia tofauti. Unapokea kwanza ujumbe unaofanana na wa mtandao wa pesa, kisha mtu anapiga simu akilia kwamba hela ilikuwa ya mgonjwa. Simu ndiyo silaha. Kuangalia salio kunahitaji nusu dakika, na mtu anayekulilia sikioni hakupi hiyo nusu dakika. Ukiona mtu anakunyima muda wa kufanya jambo dogo lisilomdhuru kitu, hiyo yenyewe ni dalili, kuliko maneno yoyote anayosema.

Usitegemee kwamba siku hiyo utakuwa macho. Weka kanuni leo, ukiwa umetulia: situmi hela kwa namba mpya kabla sijampigia mhusika kwa namba niliyokwisha ihifadhi, na sirudishi hela kabla sijaangalia salio mwenyewe. Anayedai alikosea kutuma, mwelekeze kwa mtoa huduma wake, kwani huko kuna utaratibu wa kurudisha muamala. Kufikiri taratibu umeshakufanya. Siku ya tukio unafuata tu.

Kipimo kina usahihi wa asilimia 98. Kikisema nina ugonjwa, si ndiyo ninao?

Si lazima, na hapa ndipo hisia huwadanganya hata wasomi wa udaktari. Mwaka 1978 yalichapishwa matokeo ya swali waliloulizwa madaktari na wanafunzi 60 katika hospitali za mafunzo za Harvard. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000, na kipimo kinawasingizia asilimia 5 ya wasio nao. Mtu amepimwa, kipimo kimesema anao. Uwezekano kwamba anao kweli ni kiasi gani? Jibu ni karibu asilimia 2. Waliopatia walikuwa 11. Waliosema asilimia 95 walikaribia nusu.

Tulifanye kwa jambo linalotuhusu: upimaji wa VVU. Shirika la Afya Duniani linataka kipimo cha haraka cha kwanza kigundue angalau asilimia 99 ya wenye maambukizi, na kisiwasingizie zaidi ya asilimia 2 ya wasio nayo. Hivyo ni vipimo vizuri. Chukua watu 10,000 waliokuja kupima, na tuseme asilimia 1 yao wana maambukizi.

Wenye maambukizi ni 100. Kipimo kinawagundua 99.

Wasio nayo ni 9,900. Kipimo kikiwasingizia asilimia 2, hao ni watu 198.

Kwa hiyo watu 297 wameonyesha mistari miwili, na kati yao wenye maambukizi ya kweli ni 99, yaani mmoja katika kila watatu. Kipimo hakijabadilika ubora. Wasio na maambukizi ni wengi mno kiasi kwamba kosa dogo kwao linazaa watu wengi kuliko wagonjwa wenyewe. Fikra za haraka hulishika lile neno “asilimia 98” na kulibandika kwenye swali lisilo lake. Asilimia 98 inajibu “asiye na maambukizi ataambiwa hana mara ngapi”, wewe unauliza “aliyeambiwa anayo, anayo kweli mara ngapi”.

Ndiyo maana mtoa huduma hatoi jibu la maambukizi kwa kipimo kimoja. Wale 297 wanapimwa tena kwa kipimo kingine. Kikiwa na ubora uleule, kitawathibitisha 98 wa kweli na kuwasingizia kama 4, na cha tatu kinawaondoa karibu wote waliosalia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zote zitumie vipimo vitatu vinavyofuatana kabla ya kumwambia mtu ana maambukizi, kwa sababu kadiri wenye maambukizi wapya wanavyopungua miongoni mwa wanaopima, ndivyo sehemu ya wanaosingiziwa inavyokua. Hesabu hii ina sharti: vipimo visikosee kwa sababu moja. Kama kuna kitu katika damu ya mtu kinachokidanganya kipimo fulani, ukirudia kipimo hichohicho kitadanganywa tena. Kwa hiyo cha pili na cha tatu vinatakiwa viwe vya aina tofauti.

Ukijipima nyumbani ukaona mistari miwili, hilo ni agizo la kwenda kituo cha afya upimwe kwa utaratibu kamili. Usilichukue kama hukumu, wala usilipuuze.

Na zingatia njia iliyotumika. Ukiliacha swali katika asilimia, hata ukitafakari usiku kucha unaweza usifike. Ukiligeuza kuwa vichwa vya watu, yaani wangapi kati ya 10,000, linafunguka. Mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer na wenzake wameonyesha kwa madaktari kwamba kubadilisha tu namna ya kuandika namba hupandisha majibu sahihi sana. Mara nyingi ushauri wa “fikiri zaidi” hautoshi, mtu anahitaji karatasi na namna bora ya kupanga swali.

Basi si bora nifikiri taratibu kila mara?

Huwezi, maana utachoka kabla ya saa nne asubuhi. Lakini hata ungeweza, yapo mambo ambayo kutafakari huyaharibu.

Mwaka 1991 wanasaikolojia Timothy Wilson na Jonathan Schooler waliwaonjesha wanafunzi jamu tano za matunda ambazo wataalamu wa kuonja walikwisha zipanga kwa ubora. Walioonja na kupanga tu walikaribiana na wataalamu. Walioambiwa waandike kwanza sababu za kupenda na kutopenda waliachana nao kabisa. Ladha haisemeki kirahisi, kwa hiyo ulimi wa kusema ukachukua sababu zinazosemeka, kama uzito au mbegu, na sababu hizo zikavuta uamuzi. Ni hivyohivyo kwa kazi ya mikono: mchezaji gofu hodari ukimwambia afuatilie anavyosogeza fimbo, hukosa zaidi.

Na kwa mambo mazito, siasa kwa mfano, kufikiri taratibu si hutuokoa?

Hapa ndipo mimi huingiwa na hofu zaidi. Fikra za taratibu zinaweza kuwa hakimu, lakini mara nyingi huajiriwa kama wakili: hukumu imeshatolewa na hisia, zenyewe zinaitafutia hoja.

Mtafiti Dan Kahan na wenzake waliwapa Wamarekani wapatao 1,100 jedwali la namba mwaka 2013. Kundi moja liliambiwa ni matokeo ya dawa ya vipele. Waliopaka dawa, 223 walipata nafuu na 75 walizidiwa. Wasiopaka, 107 walipata nafuu na 21 walizidiwa. Haraka haraka, 223 ni wengi kuliko 107, basi dawa inafanya kazi. Ukigawanya, waliopaka wamezidiwa mmoja kati ya wanne, wasiopaka mmoja kati ya sita. Dawa inadhuru. Wajuzi wa hesabu walipatia hili zaidi kuliko wengine, kama unavyotarajia.

Kisha namba zilezile zikapewa makundi mengine kama matokeo ya miji iliyopiga marufuku kubeba bastola zilizofichwa, jambo ambalo Wamarekani wanagombana juu yake. Sasa wajuzi wa hesabu walipatia zaidi pale jibu sahihi lilipopendeza upande wao wa siasa. Jibu la haraka likiwapendeza, wengi hawakugawanya. Likiwaudhi, waligawanya. Pengo kati ya vyama likawa kubwa zaidi kwa wajuzi kuliko kwa wasiojua hesabu. Waliorudia jaribio hili hawakupata kila mara athari kubwa kama ile, lakini tabia yenyewe mtu yeyote anayefuatilia mabishano ya uchaguzi ataitambua.

Namna ya kujikagua ni kujiuliza ni habari ipi umeihakiki. Ukikuta kila unayoihakiki ni ya wapinzani wako, na za upande wako unazisambaza kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa mbichi, basi kuhakiki kwako hakukulindi, hata kama unakufanya kwa umakini mkubwa.

Nimesikia utafiti wa mambo haya umekanushwa. Ni kweli?

Sehemu yake, ndiyo. Majaribio yaliyodai kwamba mtu akisoma maneno yanayohusu uzee hutembea polepole bila kujua hayakuthibitika yaliporudiwa, na Kahneman mwenyewe alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba aliamini kupita kiasi tafiti za watu wachache. Hesabu ya kipimo haimo katika kundi hilo. Hiyo ni hesabu tu, na unaweza kuirudia sasa hivi kwa kalamu.

Kama muda haupo na kosa linaweza kuua, watu hufanyaje?

Hutafakari mapema, na kuyaandika waliyoyatafakari. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, zilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ni mambo ambayo kila mmoja chumbani anayajua: huyu ni mgonjwa gani, tunapasua wapi, antibayotiki imetolewa, vitambaa vimehesabiwa. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake zote zitumie orodha hiyo. Watafiti walipoangalia hospitali 101 mwaka 2014, hawakuona vifo kupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Hospitali za Ontario zilikuwa na vifo vichache tangu mwanzo, hivyo nafasi ya kupunguza ilikuwa ndogo. Lakini wengi walinyooshea kidole pia namna ilivyotumika: orodha iliyoletwa kwa amri, bila mafunzo, huishia kuwekwa alama za vema na mtu mmoja pembeni huku wengine wakiendelea na kazi. Ukitaka kujua orodha ya mahali pako iko hai, angalia inaposomwa. Chumba kizima kinanyamaza, na muuguzi mdogo kuliko wote anaweza kusema “hapana, bado” na daktari bingwa akasimamisha kisu.